Saa Moja ya Jenereta

Umeme ukikatika jioni pale Kilwa Masoko, kila fremu inanguruma. Kesho yake kijiweni, kahawa ikimiminwa, lawama zinaanza: "Kinyozi kaniongeza mia tano, eti hela ya mafuta. Mwizi yule!" Mnh! Si mwizi, bwana. Sogea hapa tupige hesabu.

Kinyozi ana feni, televisheni, taa mbili na mashine za kunyolea. Vyote kwa pamoja tuseme ni wati 200, maana yake kwa saa nzima anakula moja ya tano ya uniti. Uniti ya TANESCO kwa mteja wa kawaida, yule wa T1, ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, LUKU inakukata kama 356. Kwa hiyo saa nzima ya kinyozi kwenye umeme wa gridi ni shilingi 71. Sabini na moja tu, jamani!

Haya, washa jenereta. Hizi za petroli za KVA 2.5 zilizojaa madukani, kwa mzigo mdogo kama huo, zinakunywa karibu nusu lita kwa saa. Bei ya petroli hupanda na kushuka kila EWURA wanapotangaza bei kikomo mwanzoni mwa mwezi, na kwa muuza chupa vijijini ni nyingine kabisa. Tuweke 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Nusu lita ni 1,500. Ni mara 21 ya ile ya LUKU! Akinyoa vichwa vitatu kwa saa, hizo mia tano zenu zimeishia kwenye tangi. Yeye hakubaki na kitu.

Na oili bado. Injini hizi zinataka oili mpya kila baada ya saa 50 hivi, na watu wa pwani wanajisahau sana hapo. Tuseme kila mara inamgharimu 6,000: hiyo ni 120 kwa saa. Oili peke yake imeshazidi umeme wote wa gridi wa saa hiyo.

Mzee mmoja kijiweni akauliza, mafuta yote hayo yanakwenda wapi kama taa ni mbili tu? Swali la maana sana. Jenereta ya namna hii lazima injini izunguke mara 3,000 kwa dakika ili umeme utoke sawasawa, iwe umewasha taa moja au friza. Petroli nyingi inaishia kwenye kujizungusha na kutoa joto. LUKU inakutoza ulichotumia. Jenereta inakutoza kwa kuwaka tu.

Ndiyo maana fremu nne kuwasha jenereta nne ni kuchoma hela. Mzigo ukifika kilowati moja, jenereta ileile itakunywa kama lita 0.8, yaani 2,400 kwa uniti moja. Ikibeba kilowati mbili, lita 1.2 au zaidi kidogo, uniti inashuka hadi 1,800. Bado ni mara tano ya gridi, lakini si mara 21. Kinyozi, muuza soda na mwenye duka la simu wakichangia moja, kila mmoja anapona. Wasiipakie mpaka mwisho, maana friza likiwaka linavuta mara kadhaa ya wati zake kwa muda mfupi, na jenereta iliyojaa inazimika hapohapo.

Muuza samaki naye asikeshe na injini. Friza lililojaa barafu, mfuniko usipofunguliwa-funguliwa, linahimili muda mrefu. Awashe saa mbili, wakati huohuo majirani wachajie simu na taa zao, kisha azime.

Kinachoniuma ni hiki: gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya hii hii ya Kilwa, inapita kwenye bomba kwenda kuwasha mitambo ya Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na sisi tunapimiwa petroli kwenye chupa za maji.

Usichukue namba zangu kama zilivyo. Jaza tangi mpaka juu, washa vitu vyako vya kila siku saa moja, zima, subiri injini ipoe, kisha jazia kwa chupa yenye kipimo. Ulichoongeza ndicho ilichokunywa. Umeme ukirudi, soma uniti kwenye LUKU, tumia vitu vilevile saa moja, soma tena. Na nawasihi, jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na unaua waliolala.