Namna ya Kuikubali Kazi Mpya Mpaka Ikukatae

Ofa imeingia. Ni Alhamisi, tarehe 7 Mei, saa kumi jioni: Mhasibu Msaidizi, kampuni ya usambazaji ya Dar es Salaam, mshahara mnene kuliko unaopata sasa, kuripoti kazini Jumatatu tarehe 1 Juni. Wanataka jibu la maandishi kabla ya saa za kazi kuisha Jumanne. Hongera! Wengi huharibu mapema, kwenye usaili. Wewe umevuka huko, na sasa umebakiwa na nafasi moja nzuri ya kuharibu kabla ya mkataba: barua ya kukubali. Vuta kiti, tuiandike pamoja.

1. Watangazie wote, isipokuwa mwajiri

Piga picha barua ya ofa, uiweke kwenye status. Mshahara ufunike kwa kikatuni, lakini kiwe chembamba ili shemeji asome. Ijumaa asubuhi ingia kwa bosi wa sasa na barua ya kuacha kazi, ukiwa umenyanyua kidevu. Ile sentensi ya mwisho kwenye ofa, inayosema ajira itategemea uhakiki wa vyeti na maoni ya wadhamini wako, iruke. Kama ingekuwa muhimu wangeiweka juu. Ikitokea cheti kimoja kina jina lako la utotoni na uhakiki ukakwama, utakuwa mtu huru: huna kazi ya zamani, huna mpya.

2. Kubali, halafu weka "ila"

Andika hivi: "Nimeikubali ofa kwa moyo mkunjufu, ila naomba mshahara uangaliwe kidogo na usafiri uongezwe." Utajiona umekubali na kudai kwa mpigo mmoja, kama mtu mwenye ofa tatu mfukoni. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 7, haina ucheshi huo. Inataka ukubali ofa moja kwa moja, bila kuibadilisha. "Ila" yako inageuza jibu kuwa ofa nyingine, na sasa wao ndio wenye hiari ya kuikubali au kuiacha, huku mtu wa pili kwenye usaili bado simu yake iko hewani. Wazito wa kufikiri hudai nyongeza kwanza, wakasubiri barua ya ofa irekebishwe, ndipo wakakubali bila "ila". Wewe huna muda huo.

3. Thibitisha tarehe bila kugusa kalenda

Wamesema 1 Juni, nawe andika 1 Juni. Kuhesabu siku kutaonekana kama kusitasita.

Ukihesabu utakutana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi. Tangu Ijumaa ile tarehe 8 Mei, siku hizo zinakufikisha tarehe 5 Juni. Na mkataba wako wa zamani, ambao hujaufungua tangu uliposaini, unaweza kudai notisi ndefu zaidi.

Usitishike. Jumatatu ya tarehe 1 unaondoka tu. Mwajiri wa zamani anaruhusiwa kukata kwenye malipo yako ya mwisho fedha za siku za notisi ulizokataa kufanya kazi. Cheti cha utumishi utakirudia baadaye, ukikutana na uso uleule uliounyanyulia kidevu.

4. Usiulize bosi ni nani

Ofa inasema utaripoti kwa "Meneja". Inatosha, kampuni ina mameneja wengi, hutakosa mmoja. Kwenye usaili walikuwepo wawili: Meneja Fedha wa makao makuu, Posta, na Meneja wa ghala kule Barabara ya Nyerere. Aliyecheka zaidi vichekesho vyako ndiye bosi wako.

Matunda yatakuja mwezi wako wa tatu kazini. Utaomba likizo, Posta watakuambia anza ghalani, ghalani watakuambia anza Posta. Masurufu yatakosa saini. Ikifika tathmini ya mwisho wa kipindi cha majaribio, kila mmoja atasema, kwa ukweli kabisa, kwamba hajawahi kuona kazi yako. Yote hayo yangezuiwa na swali la mstari mmoja: ni cheo gani kitakachonipangia kazi, kuidhinisha likizo yangu na kunifanyia tathmini? Lakini mtu wa hadhi yako haulizi.

5. Siku ya kwanza, fika kama mgeni rasmi

Usiulize saa, kituo cha kazi, wala nani atakupokea. Nenda Posta saa tatu kasoro, na suti. Mlinzi atafungua daftari la wageni na kukuuliza, "Unamwona nani?" Jibu, "Mimi ni mfanyakazi mpya." Atakutazama, atatazama daftari, atakuonyesha benchi. Saa nne utaambiwa wapya wanaanzia ghalani, na walitakiwa huko saa mbili kamili.

Nyaraka usibebe. Namba ya NIDA iko kwenye simu, simu imeisha chaji. TIN, namba ya uanachama wa NSSF, akaunti ya benki na vyeti halisi vimebaki nyumbani. Ofisa rasilimali watu atakwambia kwa upole kwamba orodha ya mishahara ya mwezi haikusubiri. Mwisho wa mwezi utakopa nauli kwa wale waliosoma status.

6. Malizia kwa uzito

Anza na "Yah:", fuatisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya mbili za kumshukuru Mungu, wazazi na uongozi mzima wa kampuni. Tarehe, bosi na saa visipate nafasi. Funga kwa "Wako katika ujenzi wa taifa", halafu itume Jumatano.

Onyo: barua ya watu wasio na kipaji

Wapo wanaokataa mwongozo huu. Ijumaa walipiga simu kuulizia uhakiki na kuomba tarehe nyingine. Jumatatu wakapata majibu kwa maandishi. Siku hiyohiyo wakatuma kitu kikavu namna hii:

"Yah: Kukubali ofa ya ajira, Mhasibu Msaidizi. Nimepokea barua yenu ya tarehe 7 Mei, pamoja na barua pepe yenu ya leo, tarehe 11 Mei, inayothibitisha kuwa uhakiki umekamilika na kuwa tarehe ya kuanza kazi ni Jumatatu, 15 Juni. Naikubali nafasi hiyo kwa masharti yaliyomo. Naelewa kuwa nitaripoti kwa Meneja Fedha, ambaye ndiye atakayeidhinisha likizo na kufanya tathmini yangu. Siku ya kwanza nitafika ghalani saa 2:00 asubuhi na kumwona Ofisa Rasilimali Watu, nikiwa na vyeti halisi, NIDA, TIN, namba ya NSSF na taarifa za benki. Kama kuna lisilo sahihi hapo, naomba mnijulishe. Nakala ya ofa niliyosaini nimeiambatisha."

Kesho yake, tarehe 12, ndipo wakapeleka notisi kwa mwajiri wa zamani. Siku 28 zikaishia tarehe 9 Juni, wakabakiwa na siku kadhaa za kulala.

Barua hiyo haina mbwembwe, haina shukrani kwa uongozi mzima, na hakuna shemeji atakayeisoma mara mbili. Walioiandika wanalipwa Juni hiyohiyo. Chagua mwenyewe.