Namna ya Kumnyima Mkuu Pointi Moja: Kupanga Sprinti ya Pasaka Dodoma

Funga mlango wa chumba cha mkutano. Zima projekta kwanza, maana orodha ya kazi zinazosubiri ikishawashwa ukutani kila mtu ataanza kutamani. Weka mezani vitu viwili tu: kalenda na karatasi nyeupe. Anayesema "tutajibana" kabla ya chai kufika atawanunulia wenzake wote chapati, na sheria hiyo inamhusu hata Mkuu.

Sprinti tunayoipanga ni ya wiki mbili, kuanzia Jumatatu tarehe 30 Machi hadi Ijumaa tarehe 10 Aprili 2026. Timu ni ya mfano, lakini yeyote anayefanya kazi ya mifumo Dodoma ataitambua: watu 5 wanaotengeneza mfumo wa kukusanya ushuru wa vizimba sokoni. Watatu wanaandika msimbo, mmoja anasanifu kurasa, mmoja ni testa. Mfanyabiashara anapata kontrol namba, analipa kwa simu, anapewa risiti. Mkuu anataka pointi 30, kwa sababu robo mwaka iliyopita kuna timu nyingine ilifanya 30. Mwambie kwa adabu kwamba pointi za timu ile ni za timu ile. Kila timu hujipimia kwa kipimo chake, na 8 ya kwao inaweza kuwa 3 ya kwenu.

Sasa fungua kalenda. Wiki mbili zina siku 10 za kazi, na hapo ndipo wapangaji wengi huishia. Wewe endelea kusoma. Ijumaa tarehe 3 Aprili ni Ijumaa Kuu. Jumatatu tarehe 6 ni Jumatatu ya Pasaka. Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Siku 3 zimeondoka na hakuna aliyeugua, wala umeme haujakatika. Zimebaki 7. Watu 5 kwa siku 7 ni siku-mtu 35, na huo ndio mwanzo wa hesabu.

Kisha zunguka mezani, uliza mmoja mmoja, na usikubali jibu la "nipo". Uliza: "Dada, tarehe 8 hadi 10 utakuwa wapi?" Testa atasema likizo yake ilishapitishwa, anakwenda Kondoa kwa wazazi, na ataunganisha na Pasaka. Toa 3, zinabaki 32. Waandishi wawili wa msimbo familia zao bado ziko Dar es Salaam. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, Alhamisi ya kuamkia sikukuu ilibadilika: mchana watakuwa wameshabeba mabegi. Nusu siku kwa kila mmoja, toa 1, zinabaki 31. Na kwa kuwa Aprili ni mwezi wa Bunge la Bajeti, mmoja ataitwa kuandaa takwimu za kujibia maswali. Hilo linajulikana mapema, kwa hiyo liandike mapema. Toa siku 1. Zimebaki 30.

Hapa kuna mtego unaowanasa wenye bidii. Mtu makini atataka aendelee kutoa: mkutano wa kila asubuhi, barua pepe, simu za watumiaji waliosahau neno la siri, saa ya chakula inayorefuka. Mzuie. Mambo hayo yamo ndani ya kila sprinti mliyowahi kufanya, na hatua inayofuata itayahesabu yenyewe. Ukiyatoa hapa, utakuwa umeyatoa mara mbili. Kwenye kalenda ondoa yale tu ambayo ni ya sprinti hii peke yake.

Hatua inayofuata ni kuangalia nyuma. Chukua sprinti 3 zilizopita na uandike vitu viwili kwa kila moja: siku-mtu zilizokuwapo kweli, na pointi za kazi zilizokamilika. Kukamilika maana yake imeandikwa, imejaribiwa, imekubaliwa. Kazi iliyobakiza "kitu kidogo tu" ni sifuri, hata kama aliyeifanya hakulala. Ukiipa nusu pointi kwa huruma, sprinti ijayo itakudai huruma hiyo. Timu yetu ilikuwa na siku 50 ikakamilisha pointi 27, ikawa na siku 46 ikakamilisha 22, ikawa na siku 44 ikakamilisha 21. Jumla ni pointi 70 kwa siku 140, yaani nusu pointi kwa siku ya mtu mmoja.

Msweden Henrik Kniberg aliieleza hesabu ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu skram. Ninaipenda kwa sababu haimbembelezi mtu. Siku 30 mara nusu ni pointi 15. Anayechukua wastani wa pointi za sprinti 3 bila kutazama kalenda atapata 23, na atakuwa amepanga pointi 8 za kufanywa na watu walio kanisani, walio Kondoa na walio kwenye treni.

Washa projekta sasa. Orodha imepangwa na mmiliki wa bidhaa kwa umuhimu, na wewe unashuka kutoka juu ukijumlisha kwa sauti. Ya kwanza ni risiti inayotoka mara mbili mlipaji akibonyeza mara mbili, pointi 3. Ya pili ni ujumbe mfupi kwa mfanyabiashara malipo yakipokelewa, pointi 5. Mko 8. Ya tatu ni ripoti ya makusanyo kwa kila kata, pointi 8, na jumla inakuwa 16.

Chumba kitanyamaza, kisha Mkuu ataegemea mbele na kusema, "Jamani, pointi moja?" Usimcheke. Usimkubalie pia. Makadirio yenyewe yana makosa ndani yake, ni kweli, na 15 haikuchongwa kwenye jiwe. Lakini sprinti iliyojazwa hadi ukingoni haina pa kuweka hitilafu itakayojitokeza sokoni Jumatano saa 4 asubuhi, wafanyabiashara wakiwa kwenye foleni. Badala ya kubishana juu ya pointi moja, muulize mmiliki wa bidhaa: katika ripoti hii, mhasibu anahitaji nini kwanza? Atasema anahitaji kuona jumla ya kila kata kwenye skrini, na kupakua faili la Excel kunaweza kusubiri. Basi ripoti imegawanyika: kuona jumla ni pointi 3, kupakua ni 5. Chukua ile ya 3 na mko 11. Angalia kwamba mgawanyo huu umempa mhasibu kitu anachoweza kukitumia. Kuigawa kuwa "upande wa hifadhidata" na "upande wa skrini" kungewaachia nusu mbili zisizo na kazi kwa mtu yeyote.

Ya nne ni kuhamisha kumbukumbu za miaka ya nyuma, pointi 13. Haingii, ipite. Ya tano, kubadilisha neno la siri bila kumpigia simu fundi, pointi 2. Mko 13. Ya sita, kupakua risiti, pointi 3, inawarudisha kwenye 16 ile ile. Simama kwenye 13. Kuruka kazi kubwa ili kuchukua ndogo iliyo chini yake kunaruhusiwa, ila mmiliki wa bidhaa aseme ndiyo kwa mdomo wake, maana mpangilio ni wake.

Wengi wangefunga kikao hapa na kwenda kula. Bado. Pointi 13 zinaingia kwenye jumla ya timu, lakini jumla haionyeshi nani anafanya nini, na kazi zote nne lazima zipite mikononi mwa testa. Yeye yupo siku 4 tu, tarehe 30 Machi hadi 2 Aprili, na Jumatatu hatakuwa na cha kujaribu kwa sababu hakuna kitakachokuwa kimekamilika kuandikwa. Zimebaki siku 3. Muulize anahitaji muda gani. Risiti nusu siku, ripoti siku moja, neno la siri nusu siku, ujumbe mfupi siku moja na nusu. Jumla siku 3 na nusu. Tena ujumbe mfupi hautakuwa tayari kabla ya Pasaka, na baada ya Pasaka testa yuko Kondoa. Mngegundua hilo tarehe 9 Aprili, mkiwa na kazi iliyoandikwa vizuri na hakuna wa kuithibitisha, na pointi 5 zingehesabiwa sifuri.

Kwa hiyo panga upya nani anafanya nini. Risiti, ripoti na neno la siri zianze Jumatatu asubuhi, na ripoti imfikie testa Jumatano bila kukosa. Jumatatu hiyo, akiwa hana cha kujaribu, testa aandike hatua za kujaribia ujumbe mfupi: malipo yanapofaulu, yanapokataliwa, namba ya simu inapokosewa, mtandao unapokatika katikati. Tarehe 9 na 10 mwandishi ambaye hakuugusa msimbo huo atazifuata hatua hizo. Atakuwa mzito kuliko testa, na pointi 2 tulizoziacha wazi ndizo zitakazobeba uzito wake. Ndiyo maana sikutaka zijazwe.

Mkuu atauliza kama pointi 13 ni ahadi. Mweleze kwamba ni utabiri wenye hesabu yake, na mwachie ile karatasi. Mwongozo rasmi wa skram wenyewe tangu mwaka 2011 uliacha kusema timu inaahidi kazi zote ilizozichagua, ukasema inatabiri. Akileta jambo jipya katikati, likadirieni papo hapo. Likiwa la pointi 3, mmiliki wa bidhaa achague kazi ya pointi 3 ambayo haijaanzwa, irudi kwenye orodha. Ikiwa zote zimeshaanzwa, jambo hilo lisubiri Jumatatu tarehe 13.

Jumatano asubuhi tarehe 8, wakitoka sikukuu, hesabuni zilizokamilika. Risiti, ripoti na neno la siri zikiwa zimekwisha, mna pointi 8 na siku 3 za kumalizia ujumbe mfupi. Ikiwa ripoti bado "inakaribia", mpigieni mmiliki wa bidhaa siku hiyo hiyo, achague kati ya ripoti na ujumbe mfupi.

Ijumaa jioni andikeni tena vile vitu viwili: siku zilizokuwapo kweli na pointi zilizokamilika. Kama mtu aliugua na siku zikawa 28, andikeni 28. Zile za sprinti kongwe kati ya 3 futeni, na mpige hesabu upya. Sprinti inayofuata inapakana na Siku ya Muungano, lakini mwaka 2026 tarehe 26 Aprili inaangukia Jumapili, kwa hiyo msitoe siku.