Shemeji na Miwani ya Kapuni

Boti za kwenda kuogelea kwenye matumbawe ya Mnemba hubeba kapu la miwani ya maji, na abiria huligombea kama mitumba iliyofunguliwa sasa hivi. Shemeji yangu alichukua ya buluu kwa sababu inafanana na kaptula yake. Nikamwambia aijaribu kwanza. Akanijibu, "Shemeji, nimeshaikaza."

Kukaza ndiko kunakoleta balaa. Miwani hujaribiwa bila mkanda: unaiweka usoni, nywele zote zikiwa nje, unavuta pumzi kidogo kwa pua, halafu unaachia mikono. Ikibaki imekung'ang'ania, ni yako. Ikidondoka, irudishe kapuni. Mkanda hautaiokoa, maana ukiukaza mno ule mpira laini wa pembeni hujikunja na kuyafungulia maji njia. Wenye masharubu ndio kabisa, maji hupenya hapo chini ya pua. Na shemeji masharubu anayo, tena anayapaka mafuta.

Nahodha akatuagiza tukaguane wawili wawili. Unatazama mkanda wa mwenzako, mrija wake na jaketi lake la kuokolea, kisha mnakubaliana ishara. Kiganja juu ya kichwa maana yake niko salama. Kupunga mkono maana yake nakufa, njooni. Utaratibu mzuri, lakini nani atamzuia mtu wa kwetu asipunge mkono akiona kamera? Shemeji aligusa maji tu, akapunga. Baharia akajitosa na boya. Dada yangu akapiga picha.

Muda si muda miwani ikajaa maji. Dawa yake ipo: unainua uso, unabonyeza fremu juu ya kipaji, unapuliza kwa pua, na maji yanatokea chini. Ukishindwa, lala chali, jaketi likubebe, uivue. Yote hayo tulielezwa botini, shemeji akiwa anachagua tikiti. Basi akafanya wanachofanya wote walioingiwa na hofu: akatafuta pa kusimama. Na maji yakipwa, pa kusimama pale ni juu ya matumbawe.

Nilimkemea mpaka sauti ikanikauka. Tumbawe limefunikwa na ngozi nyembamba ya wanyama hai, na ukilikanyaga unawaponda. Yale ya mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, mengine hata hayafiki, kwa hiyo kipande kilichovunjwa na pezi moja kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wa mwanawe wa kwanza. Naye akatoka na mguu uliochanika, na mikwaruzo ya matumbawe hupona polepole, hata ukiiosha vizuri kwa sabuni na maji safi.

Nawaomba sana, jamani: ukikosa miwani inayokukaa usoni, usishuke. Baki botini ule tikiti. Shemeji alikuwa amelimaliza, lakini kwenu huenda likabaki.