Sifa za Kitumbua Kilichoanguka

Malenga wamesifu majahazi, mabibi harusi, hata wabunge. Kitumbua kilichoponyoka mkononi kikabingirika hadi mguuni pa kabati hakijapata wa kukisifu, nami naona ni dhuluma. Vitumbua vilivyobaki sahanini vinangoja zamu yao kimya kimya. Hicho kimoja cha chini ndicho kinachorukiwa, kinachopulizwa, kinachogeuzwa mbele ya dirisha na kutetewa mbele ya mashahidi. Ni chakula gani kingine mtu mzima, mwenye shahada na kitambi, hukipigia magoti?

Kimetungiwa na sheria yake: kikiokotwa kabla ya sekunde tano, hakijachafuka. Hesabu yenyewe ina huruma, kwani mwenye njaa huhesabu "tatu, tatu na nusu, tatu na robo tatu" mpaka mkono ufike. Uzuri wa sheria hii ni heshima inayowapa bakteria. Inawaona kama abiria wastaarabu wa daladala, wasiopanda mpaka kondakta agonge bati.

Mwaka 2003 mwanafunzi wa sekondari, Jillian Clarke, akiwa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, aliwajaribu abiria hao. Alipaka vigae bakteria, akaweka biskuti na peremende laini juu yake, na ndani ya sekunde tano bakteria walikuwa wamekwisha kuhama. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Ig Nobel, ile inayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Mwaka 2016 Donald Schaffner na Robyn Miranda wa Chuo Kikuu cha Rutgers walilifanya jambo hilo kwa mapana. Walichukua bakteria mpole anayefanana na salmonela, wakampaka kwenye chuma, kigae, mbao na zulia, wakaacha pakauke. Kisha wakaangusha tikiti maji, mkate mkavu, mkate wenye siagi na peremende laini, na kuviacha kwa muda usiotimia sekunde moja, sekunde 5, sekunde 30 na sekunde 300. Watetezi wa kitumbua wafurahi kidogo: kwa jumla, kadiri chakula kilivyokaa ndivyo kilivyobeba wengi zaidi. Lakini hata kilichookotwa kabla ya sekunde moja kutimia kiliweza kuinuka na abiria.

Kilichoamua zaidi ni maji. Bakteria hawana miguu. Husafiri na unyevu, na chakula kikiwa na majimaji kinaulowesha uso uliokauka na kuwazoa hapo hapo. Ndiyo maana tikiti liliongoza kwa uchafu na peremende ikashika mkia. Zulia nalo, tunalolishuku kuliko vyote, lilitoa bakteria wachache kuliko kigae na chuma, kwa sababu chakula hugusa ncha za nyuzi tu. Kigae kinachong'aa hukumbatia kipande kizima.

Sasa mwone mpishi aliyekata kuku mbichi asubuhi. Tone la maji ya kuku likaanguka, akalipitishia kitambaa kile kile cha mezani, na kufikia jioni sakafu imekauka na inapendeza. Kipande cha papai kinateleza kutoka kwenye kisu. Anakidaka kabla hakijatulia, anakipuliza, anampa mtoto. Sheria imetimizwa barabara. Ila Paul Dawson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson walionyesha mwaka 2007 kwamba salmonela huweza kuishi kwenye sakafu kavu hadi wiki nne, na papai lina maji ya kutosha kuwaamsha wote. Kupuliza kumeondoa vumbi na kuongeza mate.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na hoja bora. Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim yataka tonge lililoanguka liondolewe uchafu na kuliwa, lisiachiwe shetani. Hapo hapana saa yoyote. Panatazamwa kilichoshika tonge. Ukitazama hivyo, chakula cha chini kinajipanga chenyewe kwa vyeo. Nyama mbichi iliyoanguka ioshwe na irudi sufuriani, moto utamaliza kesi. Peremende kavu kwenye zulia la sebuleni, nyumba isiyo na mgonjwa wala mtu atembeaye na viatu vya sokoni, inaweza kutetewa hata baada ya kuhesabu mpaka kumi, mradi paka hajaacha manyoya. Kitumbua chetu, chenye mafuta nje na ulaini ndani, kiko katikati. Mimi ningemtazama kwanza aliyedeki, na kwa kitambaa gani. Tikiti lililoanguka mbele ya jiko ni la kuku wa uani, ambao hawajawahi kuhesabu hata sekunde moja.