Jinsi ya Kufunga Njia ya Jirani na Kushindwa kwa Heshima

Hongera kwa kununua shamba, ndugu yangu. Ni robo eka nzuri pembeni mwa mji, hati iko mkononi, na una ramani ya vyumba kumi vya kupangisha. Kasoro ni kijia kimoja kinachokata katikati, kutoka barabarani hadi kwa mzee wa nyuma. Usijali. Fuata hatua hizi na utashindwa bila kutoa jasho.

1. Nunua kwa makaratasi, usinunue kwa miguu. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, ukute hakuna kizuizi kilichoandikwa, kisha nenda ukasherehekee. Usifike shambani saa kumi na mbili asubuhi, utaona watoto wa shule wakipita na mama na mtungi wake, halafu utalazimika kuuliza maswali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 28, inataja haki zinazomfunga mwenye shamba hata kama hazimo kwenye rejista. Haki ya njia iliyokuwapo shamba liliposajiliwa mara ya kwanza chini ya sheria hiyo imo. Haki inayopatikana kwa matumizi ya muda mrefu nayo imo. Lakini hayo utayasoma vizuri zaidi ukiwa kwenye benchi la mahakama.

2. Usihesabu miaka. Anayedai shamba lenyewe kwa kulikalia huhitaji miaka 12. Anayedai njia huhitaji 20: awe amepita kwa amani, waziwazi, kama mwenye haki, bila kukatizwa. Tuseme mzee alianza kupita mwaka 1999, muuzaji wako akanyamaza, nawe ukanunua mwaka 2021. Hesabu ilishatimia 2019. Wewe simama kifua mbele useme, "Mimi nimekuja juzi tu, hayo ya zamani hayanihusu." Ni maneno matamu, na mawakili wa upande wa pili huyapenda sana. Miaka haianzi upya kwa sababu jina kwenye hati limebadilika.

Hapa naomba niingilie kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu. Muuzaji wako angeweza kuzuia yote haya kwa karatasi moja, mapema, akimwandikia mzee: "Nakuruhusu upite kwangu mpaka nitakapokuambia vingine." Anayepita kwa ruhusa hapiti kama mwenye haki, na miaka yake haihesabiki. Hakuandika, maana aliona haya kumwandikia jirani barua. Basi wewe iandike leo, miaka ikiwa imeshatimia, umpelekee mzee aweke sahihi. Ataisoma polepole, atakukaribisha chai, na hatatia sahihi.

3. Funga usiku. Mwaga lori la kokoto mdomoni mwa njia, vuta seng'enge, tia kufuli. Usimpigie mzee hodi, usimwite chifu awapatanishe. Hata kama miaka 20 haikutimia, kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamruhusu mtu ambaye shamba lake limezingirwa pande zote kuomba mahakama impe njia. Mahakama huangalia shamba lilivyozingirwa, shida atakayopata akinyimwa, tena mwenendo wa pande zote na kama zilijaribu kuelewana. Ile kufuli yako, ikipigwa picha mchana, itamfanyia kazi kuliko wakili wake. Uungwana kidogo ungeweza kukuletea amri yenye fidia kwako, lakini nani anataka fidia wakati anaweza kuwa na kesi?

4. Hamisha njia peke yako. Chimba msingi katikati, mwachie mzee upenyo kando ya choo, umwambie ni upendo. Haikuhusu kwamba njia huhamishwa kwa makubaliano, mpima ardhi akachora upya, na mabadiliko yakasajiliwa. Hiyo ni mbinu ya watu wasio na haraka, na ubaya wake ni kwamba hufaulu.

Vivyo hivyo usiguse hoja yako moja yenye nguvu: haki iliyopatikana kwa kutembea kwa miguu si ya malori. Mzee akileta lori la mawe la kujenga ghorofa, hapo ungekuwa na neno la kusema. Nyamaza, usije ukashinda kwa bahati mbaya.

5. Ukichoka, uza. Mpelekee mnunuzi hati safi, mkutane mjini, na siku ya kumwonyesha shamba iwe Jumapili wakati wa ibada. Haki ya mzee itahamia kwake kama ilivyohamia kwako, naye atakutafuta akiwa na wakili.

Ukipata fedha zako kabla hajakupata, nipigie simu. Nina shamba jingine la bei poa, hati yake haina doa. Hapo katikati kuna kisima tu, na majirani huja kuchota.