Pongezi Zenye Wavu Chini Yake

Jumamosi moja ya mwaka 2022, kati ya vikapu vya sambaza na mafungu ya lengalenga katika soko la Nyawera, nilimpongeza mtu kwa kazi mpya ambayo mabosi wake wa zamani walikuwa hawajasikia habari zake.

Nitamwita Yaya, maana ndivyo ninavyomwita. Tulisoma shule moja, yeye akinitangulia madarasa matatu, na kwa miaka minne alikuwa msimamizi wa depo katika shirika moja la misaada pale Muhumba. Mimi nilikuwa nahesabu mafuta ya jenereta katika shirika dogo lenye jenereta moja, na jenereta yenyewe ilikuwa mbovu. Kwa hiyo mniwie radhi nikisema kwamba niliposikia Yaya anaenda Goma, jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa kiti chake. Yeye alikuja wa pili.

"Yaya! Felisitasio! Nasikia unatuacha, unavuka ziwa!"

Bwana aliyesimama kando yake akaweka kitunguu chini polepole. Alikuwa shefu wa wafanyakazi wa shirika lake.

"Nani anavuka ziwa?" akauliza.

"Ni mdogo wangu huyu," Yaya akajibu huku akinifinya mkono kwa kucha. "Anapenda mizaha tangu utoto."

Jioni akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, nami nikaogopa zaidi. Nani aliniambia? Ikabidi nikiri kwamba ni motari wa kwetu, aliyempeleka bandarini akiwa amevaa viatu vya kisigino na kushika bahasha ya kaki, siku ya kazi, saa moja asubuhi. Motari wa Bukavu hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Shida ni kwamba Yaya alikuwa bado anangoja mkataba wa Goma utiwe sahihi ndipo apeleke barua ya kuacha kazi. Angekuwa na shefu mwenye masikio makali zaidi, ningekuwa nimemtoa kazi moja kabla hajaingia nyingine. Basi nikajifunza kungoja mpaka mwenyewe atangaze. Nilijifunza kwa kufinywa, lakini nilijifunza.

Alitangaza siku tisa baadaye, barua ikiwa imeshapokelewa na kupigwa muhuri. Hapo nikatoa kalenda ya parokia na kalamu ya risasi. Mkataba wake ulikuwa wa muda usio na mwisho uliopangwa, na sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatoa hesabu ya siku za taarifa: siku 14 za kazi, kisha 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Miaka minne mara saba ni 28, ongeza 14, unapata 42. Nikachora duara siku ya 42. Nikajiambia kuna wakati wa kutosha, pongezi nitaziandika taratibu, kama mtu anayechuja kasiksi.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu katika ukaguzi wa kazi, akaiangalia kalenda kupitia ua.

"Mwana, hizo 42 ni za patro akimwachisha mtu. Mtu akiondoka mwenyewe anatoa nusu."

Nusu ni 21. Ukihesabu na Jumamosi, ni majuma matatu na nusu, na nilikuwa nimeshatumia moja kuchonga kalamu. Tena siku hizo ndizo zenye thamani. Ndani yake mtu anayeondoka bado anaingia ofisini, anafanya makabidhiano, ile remizi-reprizi yetu, na anajua kama kiti chake kitajazwa au kitakufa naye. Maana kiti cha shirika la misaada si kiti cha mbao. Kinasimama juu ya pesa za mradi, na mradi ukibakiza miezi mitatu, wakubwa wanaweza kugawia kazi hiyo watu waliobaki na kuita jambo hilo mpangilio mpya. Akishavuka ziwa, atabaki na kumbukumbu tu.

Nikaandika haraka. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja wa pongezi na kumi na mmoja wa mimi mwenyewe. Nilipoisoma kwa sauti nikaona aibu mbele ya mbuzi wa jirani. Mnawajua wavuvi wa sambaza ziwani usiku? Ukiwa juu mlimani unaona taa zao zimepangana kama mji mwingine, unasema kweli Kivu ni nzuri. Sambaza nao wanasema hivyo hivyo, wanazifuata taa, kumbe wavu uko chini yake. Ndivyo zilivyokuwa pongezi zangu.

Nikafuta. Rasimu ya pili ilikuwa nzuri zaidi, kwa sababu nilikumbuka jambo moja la kweli. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba za watu Uvira, nilikuwa kibarua wa siku katika depo ya Yaya. Shitingi zilikuwa zinapakiwa, lori linanguruma, kila mtu anapiga kelele kwamba watu wanalala nje. Yaya akahesabu, akakuta shitingi sita hazipo. Hakutia sahihi boni. Hakulizuia lori pia. Alirekebisha idadi ziandikwe zile zilizokuwemo, akaandika ripoti ya tofauti palepale juu ya goti, lori likaondoka. Nikaandika kwamba tangu siku ile kila ninapohesabu kitu, hata mayai, namkumbuka. Hapo ningeweka nukta. Lakini mkono wenye njaa haujui nukta. Nikaongeza kwamba nimesikia nafasi ya usimamizi wa depo itabaki wazi, na kama ataniambia itatangazwa lini, nitashukuru.

Nikabonyeza. Simu ikatoa mlio wake wa furaha. Ujumbe ulikuwa umekwenda kwenye kundi la familia, watu 63, kuanzia Kadutu hadi Kamituga.

Familia haisomi ujumbe mrefu hadi mwisho. Inachukua maneno mawili matatu: pongezi, depo, nafasi. Tanti wa Kamituga akajibu kwanza kwa mikono kumi na miwili ya sala. Mjomba wa Bagira akauliza tunaaroza wapi hiyo kazi na kama bia zitakuwa baridi. Kufikia saa tatu usiku nilikuwa nimeshaombwa karo za watoto wawili na bati kumi na tano. Nilipoandika kwamba nilikosea, mama yangu mdogo akanijibu kwamba unyenyekevu ni mzuri, lakini mtoto asiifiche baraka. Kuze wangu mmoja tu, karani wa depo katika ushirika wa kahawa, hakusema chochote. Nikamshukuru moyoni kwa utulivu wake.

Ajali hiyo ilinipa usiku mzima wa kuusoma ujumbe wangu kwa macho ya watu wengine, na hakuna mhariri mkali kama huyo. Niliona kwamba nusu ya pili inaila nusu ya kwanza. Mtu akifika kwenye neno "nafasi", hadithi ya Mulongwe inageuka kuwa nauli niliyolipa ili nifike pale. Basi asubuhi nikamtumia Yaya hadithi peke yake, na pongezi, na kumwombea safari njema ya ziwa. Nikaishia hapo. Vidole viliniwasha siku nzima.

Alijibu usiku: alikuwa amesahau zile shitingi sita, na nimemchekesha kwa mayai. Kisha akauliza, "Na wewe, bado uko na ile jenereta?"

Mlango aliufungua mwenyewe, lakini sikuruka ndani. Nilingoja hadi Alhamisi, nikaandika hivi: "Yaya, jenereta imekufa wiki iliyopita, tumeizika kwa heshima. Naangalia kazi za depo. Kama fasi yako itatangazwa, ningependa kuleta dosie kama watu wengine. Ukipata dakika, niambie tu kazi yenyewe inataka mtu wa namna gani. Kama si wakati mzuri, hakuna shida, bado nitakunywa soda yako ya kuaga."

Sikumwomba anisukume kwa wakubwa. Hakuwa na kitu cha kusukumia. Anayeondoka anaacha kiti, funguo anazirudisha, na siku zake za mwisho watu wanamtazama kuona anaacha jina gani nyuma. Ukimwomba pisto, unamwomba atumie jina hilo kwa ajili yako siku ambayo yeye mwenyewe analihitaji: Goma nao watapiga simu kuuliza habari zake.

Akanipigia. Alisema nimemuuliza swali analoweza kulijibu bila kumwibia mtu, kwa kuwa wengine wawili walikuwa wamempongeza kwa kumtumia sivii moja kwa moja, mmoja bila hata kumsalimu. Mradi ulikuwa na pesa hadi Juni, kiti kitajazwa. Kwanza watauliza ndani ya ofisi, na asipopatikana mtu, tangazo litabandikwa kwenye valvu ya getini. Kazi yenyewe ni fishi za stoku kuliko misuli. Kuhusu karatasi alikuwa mkali: kadi ya ONEM iwepo, cheo kiandikwe kama kilivyo kwenye tangazo, maana bahasha nyingi hufa hapo.

"Na jina langu usiliweke kwenye barua kama mwavuli. Liweke kati ya watu wa kuulizwa. Wakikuuliza kama unanijua, sema ndiyo, na useme tunajuana wapi."

Tangazo lilibandikwa majuma matano baadaye, Yaya akiwa Goma tayari. Tuliitwa watu 27 kwenye jaribio la kuandika. Nikaingia ukumbini na kukuta, mstari wa mbele, shati limepigwa pasi na kikokotoo mkononi, kuze wangu mtulivu.

"Ah, na wewe uko hapa?" akaniambia, kama mtu uliyemkuta sebuleni kwake.

Swali la tatu lilisema: shitingi 480 zimeingia, 315 zimetoka, rafuni mmehesabu 159, lori lingine linangoja na dereva anataka sahihi. Utafanya nini? Nilitetemeka kwa furaha. Aliyetunga jaribio alikuwa bwana wa kitunguu, na bila shaka hadithi ya Mulongwe ilikuwa bado inazunguka ofisini mwao. Nikaandika ukurasa na nusu: mto, kelele, goti la Yaya, wajibu wa mtunza depo. Kuze aliandika mistari minne. Tofauti ni sita, boni irekebishwe iandike kilichopakiwa, ripoti ya tofauti leo hii, lori liende. Alikuwa amesoma ujumbe wangu hadi mwisho, mtu pekee kati ya 63.

Matokeo yalipobandikwa, yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili, kwenye orodha ya akiba. Katika karatasi yangu, nilikuja kuambiwa, sikuandika popote ile namba sita.

Familia ikaaroza kwa bia za mjomba, baridi sawasawa. Nilimwandikia kuze mistari mitatu ya pongezi, nikimsifu kwa kikokotoo, na mara hii nilikagua mara mbili jina lililo juu ya simu. Kile kiti chake cha ukarani kwenye ushirika wa kahawa sikukitaja hata kidogo. Leo ni Jumatatu. Nitangoja Alhamisi.