Barua kwa Msanifu wa Picha ya Mpunga Wangu

Mwanangu msanifu,

Picha ya tatu uliyonitengenezea kwa ajili ya mifuko yangu ya mchele imenifikia salama, nami nimeitazama kwanza bila miwani, kisha kwa miwani yangu, kisha kwa miwani ya mke wangu ambayo ina nguvu kuliko yangu, nikitaraji kwamba kosa liko machoni mwangu. Lakini kosa, kwa bahati mbaya, limebaki pale pale katika picha. Maadamu tumekwisha kukosana mara tatu bila ya mmoja wetu kuwa mwovu, nimeona niiache simu, ambayo hunikata maneno kila salio linapokwisha, nikuandikie kwa wasaa.

Asili ya fitina yote ni neno moja nililolitamka mimi mwenyewe. Nilikuambia, "Nyuma ya mpunga weka shamba safi." Kwa mkulima, shamba safi ni shamba lililopaliliwa likapaliliwa tena, ambalo mgongo wa mtu umelipa gharama yake, na usafi wake huonekana kwa vile vilivyobaki. Kwako wewe, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, kitu safi nyuma ya picha ni kile kisichokuwapo. Ndiyo maana picha ya kwanza ilikuja na lundo la mpunga likielea katika weupe mtupu, halina ardhi chini yake wala mbingu juu yake, mfano wa roho inayongoja kuitwa kwenye hesabu. Jirani yangu aliitazama kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama shamba nimeliuza.

Nikalalamika, nawe kwa jamala yako ukaniletea shamba. Lilikuwa shamba zuri, tena zuri kuliko langu: limekatwa ngazi kwa ngazi katika ubavu wa mlima, ndani yake nyati mpole anakokota jembe, na nyuma yake watu wamevaa kofia zilizochongoka kama kawa. Mwanangu, huku kwetu Rufiji bonde ni tambarare hata mtoto akitaka kuteleza inambidi apande mwembe, na nyati wa kwetu hakokoti jembe. Humfukuza mwenye jembe.

Ndipo ikaja hii ya tatu, na hapa nakiri kuwa umejitahidi. Bonde ni tambarare, miti ni yetu, watu ni wetu. Illa nyuma ya mpunga wangu uliokwisha kupurwa na kupepetwa umeweka shamba lenye maji yanayong'aa kama kioo, na miche ya kijani iliyochomoza juu yake kiasi cha shibiri. Sisi hukata mpunga pale ambapo punje nane au zaidi katika kila 10 zimegeuka rangi ya majani makavu, na mwenye kumiliki maji ya shamba lake huyafungulia yatoke siku kama 10 kabla ya mundu, ili ardhi ishike mguu wa mvunaji na punje zikomae kwa pamoja. Mpunga uliovunwa mbele na miche ndani ya maji nyuma ni sawa na kumpiga picha babu akiwa amepakatwa na mama yake aliye mchanga. Mjini huenda pasiwe na mtu wa kushtuka, lakini mfanyabiashara wa mchele atashtuka, naye ndiye ninayemtaka. Atasema mpunga huu ama umekatwa mbichi, ama umelowa, na mpunga uliolowa ukikobolewa hukatikakatika ukawa chenga.

Sasa nikueleze ninachokitaka. Nataka shamba lililokwisha kuvunwa: mabua yaliyokatwa, yamesimama kwa mistari, kimo chake shibiri moja au moja na nusu, ardhi kavu baina yake, pasiwe na gugu wala mfuko wa plastiki. Utaniuliza mara moja, kwa kuwa jicho lako limesoma, kwamba mpunga wa dhahabu mbele ya mabua ya dhahabu utaonekanaje. Hautaonekana, na hilo nimelijua kwa kujaribu: lundo lote lilizama katika shamba, likabaki jamvi peke yake. Dawa yake iko nyuma ya shamba langu, ambako pana safu ya miembe iliyoachwa na marehemu babu, majani yake ya kijani cha kukaribia weusi. Ukimshusha mpiga picha akachuchumaa mpaka kamera ikawa usawa wa goti, ncha ya lundo hupanda ikapita juu ya mabua na kuegemea kwenye miembe, na hapo kila punje hujitenga na kusema mimi ni fulani. Ila mstari wa upeo usikate kilele cha lundo, maana utalivisha kilemba lisichokiomba.

Jambo jingine ni jua. Katika picha yako mpunga umepigwa na jua la kushoto, ilhali kivuli cha miti kinalala upande huo huo wa kushoto, yaani miti ina jua lake na mpunga una lake. Mtu anayeanika nafaka huishi kwa kufuata kivuli, na kosa hili hulihisi hata kabla ya kulijua. Tumia jua moja, la saa moja na nusu asubuhi, lililo chini bado na lenye umanjano. La mchana hubandika kivuli chini ya kitu na kuufanya mpunga ufanane na mchanga.

Na ule ukungu mtamu ulioufifisha nyuma kidogo kidogo, nauomba radhi, hauwezekani. Mchapaji ameniambia kuwa kila rangi kwenye mfuko wa kusokotwa ina kibao chake cha kuchapia na bei yake, na kwamba rangi inayofifia pole pole hukatika katika zile nyuzi ikawa madoa, hata mtu akadhani mchele umepata ukurutu. Rangi tatu bapa zatosha nyuma: ya miembe, ya mabua na ya mbingu.

Ili kukurahisishia, nilidhamiria kuipiga picha mwenyewe. Kwa ghera ya kulifanya shamba kuwa safi, nikawatuma vijana, nao wakakata mabua mpaka shinani, wakafagia kwa fagio, nami nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi, usafi ule ulikwisha kutambuliwa na watoto wa kijiji kizima, wamesimika magoli mawili, na lundo langu la mpunga limekuwa mlingoti wa kulia. Picha ninayokutumia niliipiga baada ya mazungumzo marefu, katika kipande cha shamba kisichofagiliwa, na ndiyo bora kuliko zote. Yule kijana anayeonekana hewani kwa mbali ni mlinda lango, mfute. Mkono unaoshika ungo ni wa mke wangu, ambaye amekubali mkono tu. Yule mbuzi mweusi anayekula pembeni mwa jamvi ni wa jirani yangu, na akimwona kwenye mfuko wa mchele atakuja kudai fungu lake. Mfute naye, lakini nakusihi, mwanangu, mahali pake usiweke weupe.

Wasalaam,
Mzee wako wa mpunga